Hiyo tarehe umeitoa wapi?

"Hiyo tarehe 3 umeitoa wapi, mwanangu?"

Niliulizwa hivyo kwenye simu, Alhamisi asubuhi, na mama anayesimamia madeni ya wateja kwa msambazaji wetu wa karatasi. Sauti yake haikuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua bomba linaanzia wapi kabla hajafungua koki.

Nilikuwa nimemwomba asogeze sehemu kubwa ya malipo ya ankara moja kutoka tarehe 18 hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Siku 16. Nilijiandaa kuulizwa kwa nini nachelewa, na jibu nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Hilo la tarehe sikulitarajia.

Bahati nilikuwa na jibu. Ila kama angeniuliza siku mbili kabla, nisingekuwa nalo, na hilo ndilo limekaa kichwani mwangu wiki zote hizi. Ningempa tarehe nyingine kabisa, ningeitamka kwa uhakika uleule, na ingekuwa ya uongo bila mimi mwenyewe kujua.

## Jumanne

Tunachapa vitabu vya kazi, fomu, ripoti. Karatasi tunachukua kwa mali kauli: mzigo unakuja leo, ankara inalipwa ndani ya siku 30 zinazohesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye ankara. Si tarehe ya mzigo kufika, ni tarehe ya ankara. Ikiwa mzigo umekaa njiani siku nne, siku hizo nne ni zako.

Ankara hii ilikuwa ya karatasi za kazi moja kubwa. Mteja wa kazi hiyo hulipa mara mbili kwa mwezi, Ijumaa ya pili na Ijumaa ya nne. Kwa hesabu yangu, pesa yake ingetoka Ijumaa tarehe 13, ingeingia kwetu mapema wiki inayofuata, na Jumatano tarehe 18 ningemlipa mwenye karatasi. Mambo yangefungana vizuri.

Jumanne tarehe 10 ikaja barua pepe kutoka kwa idara ya malipo ya mteja. Ankara yetu imerudishwa. Haina namba ya oda ya ununuzi, na mfumo wao haupokei ankara isiyo na namba hiyo. Tuirekebishe, tuitume upya, nayo itaingia kwenye malipo ya awamu inayofuata.

Awamu inayofuata ni tarehe 27.

Nilisoma ile barua mara tatu. Halafu nikafungua ukurasa mpya na kuanza kumwandikia mwenye karatasi palepale, mikono ikikimbia kuliko akili. Niliandika: *Tunaomba radhi, mteja wetu amechelewesha malipo. Tutalipa tarehe 27.*

Sikuituma. Si kwa busara yoyote, ila kwa sababu simu nyingine iliita. Leo naishukuru ile simu, maana katika sentensi hizo mbili fupi mlikuwa na makosa mawili, na lolote kati yake lingetosha kuniharibia.

## Kosa la kwanza: tarehe ya aibu

Kwa nini niliandika 27? Kwa sababu ndiyo tarehe iliyokuwa mbele ya macho yangu, na kwa sababu ilisikika karibu. Mtu anayeomba muda anaona haya, na haya ina namna yake ya kupiga hesabu: inapunguza. Siku 9 zinatamkika. Siku 16 zinakwama kooni. Kwa hiyo mdomo unachagua tisa, na baada ya siku tisa mdomo huohuo unarudi kuomba tena.

Jioni nilikaa na kalenda nikaifuata pesa yenyewe, hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata maji kwenye mfereji.

Tarehe 27 ni siku ambayo mteja anaitoa pesa. Ni Ijumaa. Malipo ya awamu yao hutumwa mchana, na kwa uzoefu wetu uhamisho kutoka benki yao hadi yetu huchukua hadi siku mbili za kazi. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Kwa hiyo pesa itaonekana kwetu Jumatatu tarehe 30, au Jumanne tarehe 31.

Bado haijafika kwa mwenye karatasi. Ikiingia Jumanne mchana nikaituma alasiri, saa ya mwisho ya benki kupokea maagizo ya siku hiyo inaweza kuwa imepita, basi itahesabika Jumatano. Itaingia kwake Jumatano tarehe 1, au Alhamisi tarehe 2.

Juu ya hapo nikaongeza siku moja ya kazi, kwa ajili ya jambo nisiloliona. Ijumaa tarehe 3.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho, baada ya miaka yote hii ya kulipa watu, sikuwahi kukiweka wazi kichwani. Tarehe ninayompa msambazaji haina budi kuwa siku ambayo pesa iko kwenye akaunti yake yeye. Siyo siku ninayopokea mimi, wala siku ninayobonyeza kitufe cha kutuma. Kwake yeye tofauti hizo haziliki. Anachoweza kutumia ni kile kilichoingia. Ningesema "tarehe 27", angefungua akaunti tarehe 27 na kukuta hakuna kitu, na angekuwa na haki ya kuniita mzungushaji hata kama mimi ningeapa kwamba pesa "imeshatoka".

Jambo moja lilibaki likinisumbua. Je, ile siku ya ziada nayo si aina ya uoga? Nimeigeuza sana. Nadhani siku moja ni tahadhari, siku kumi ni kujificha. Ukiongeza kumi unamwomba mwenzako akukopeshe kwa ajili ya usingizi wako. Siku moja au mbili unaweza kumweleza mtu zinatoka wapi, na ndiyo maana lile swali la mama halikuniangusha.

## Kosa la pili: nusu ya ukweli

*Mteja wetu amechelewesha malipo.*

Sentensi hii si uongo. Mteja kweli hatalipa tarehe 13. Lakini mteja hakukosea chochote. Namba ya oda ilikuwa kwenye karatasi waliyotupatia mwanzo wa kazi, na mtu aliyeandaa ankara bila kuiweka ni mimi.

Jumanne usiku nilibishana na nafsi yangu kuhusu jambo hili kuliko kuhusu tarehe. Upande mmoja ulisema: haya ni mambo ya ndani, yeye anataka pesa, hataki kuungama kwako. Ukimwambia umesahau namba, utaonekana ofisi yako haina mpangilio, na nani anampa mali kauli mtu asiye na mpangilio? Mteja mchelewaji, kila mtu anamfahamu. Ni sababu inayopokelewa bila maswali.

Nilikaribia kukubali.

Kilichonigeuza hakikuwa uadilifu mkubwa. Nilijiweka tu kwenye kiti chake. Nikiambiwa "mteja wangu amechelewa", swali langu la kwanza litakuwa: na asipolipa tarehe hiyo nyingine je? Mteja aliyechelewa mara moja anaweza kuchelewa tena, maana kuchelewa kwake hakuna mwisho unaojulikana, na tarehe yoyote iliyojengwa juu yake inayumba. Nikiambiwa "ankara yangu ilirudishwa kwa kukosa namba, nimeirekebisha jana, imepokelewa", sababu hiyo imeshakwisha. Kilichobaki ni kusubiri zamu.

Ukweli ulionitia aibu ndio ulioipa tarehe yangu miguu.

Kwa hiyo Jumatano nzima sikumwandikia mwenye karatasi. Nilirekebisha ankara, nikaituma upya kwa mteja, nikapiga simu idara yao ya malipo, nikaomba jambo moja tu: wanijibu kwa maandishi kwamba ankara imepita na imewekwa kwenye malipo ya tarehe 27. Jibu lilikuja saa kumi jioni, mstari mmoja. Mstari huo ndio uliokuwa msingi wa yote. Bila huo, tarehe 3 ingekuwa matumaini yaliyopigiwa hesabu nzuri.

Kama mteja angekataa kuandika, au angesema "tutaona", sidhani ningekuwa na haki ya kuomba nilichoomba. Ningepaswa kwenda na ombi la namna nyingine: kulipa kidogo kidogo kutoka mfukoni kwangu, kwa ratiba, bila kumtegemea mtu wa tatu. Hayo ni mazungumzo tofauti na mazito zaidi. Watu wengi huyavika nguo za "nisogezee siku chache" kwa sababu ni rahisi kutamka.

## Jambo la miaka mitatu iliyopita

Sikuwa mgeni wa kuomba muda. Miaka mitatu nyuma niliomba, kwa msambazaji mwingine, na niliomba vibaya.

Nilimpigia kaka wa mauzo, yule tuliyezoeana, aliyekuwa akija ofisini na sampuli. Nikamwambia mambo yamebana kidogo, nitalipa mwisho wa mwezi. Akasema, "Usijali, tuko pamoja." Nikakata simu nikiwa mwepesi.

Siku nne baada ya tarehe ya malipo, mzigo mpya haukuja. Nikapiga ghalani, wakaniambia akaunti yetu imefungwa. Nikampigia yule kaka, akashangaa kwa dhati. Hakumwambia mhasibu, kwa sababu kwa upande wake lile halikuwa ombi, lilikuwa mazungumzo. Na mhasibu hakumfungia mtu kwa chuki. Programu yao ilifunga yenyewe: ankara ikipita siku kadhaa bila kulipwa, oda mpya hazitoki mpaka mtu aliye na ruhusa abadilishe tarehe ndani ya mfumo. Huruma ya muuza haifiki kwenye mfumo.

Halafu lile neno "mwisho wa mwezi". Mimi nilimaanisha pesa ikiingia siku za mwisho, nitalipa. Wao, nilivyokuja kujua, walisikia tarehe 30. Nililipa tarehe 4. Kwangu nilikuwa nimetimiza, kwao nilikuwa nimekosa mara mbili. Kuanzia hapo walitaka nusu ya pesa kabla ya kila mzigo, na hawakurudi nyuma tena.

Safari hii, basi, nilimtafuta mtu anayeweza kugusa tarehe kwenye mfumo. Na nilimtafuta siku sita kabla ya deni kuiva, si siku moja baada. Kabla ya tarehe unaomba kubadilisha makubaliano. Baada yake unajieleza kwa nini umeyavunja, hata kama maneno ni yaleyale.

## Barua yenyewe

Niliandika kwanza, nikatuma, halafu nikapiga simu. Nilitaka awe na kitu cha kusoma tunapoongea, na nilitaka kiwepo kitu cha kurejea baada ya kuongea. Hii ndiyo barua, nimeondoa tu kiasi na mengine ya siri:

> Kuhusu: Ombi la kusogeza sehemu ya malipo, ankara namba 0417, kutoka tarehe 18 hadi tarehe 3
>
> Mama, shikamoo.
>
> Ankara namba 0417 inatakiwa kulipwa Jumatano tarehe 18. Naomba kulipa theluthi moja siku hiyo kama ilivyopangwa, na theluthi mbili zilizobaki ziwe kwenye akaunti yenu ifikapo Ijumaa tarehe 3 mwezi ujao.
>
> Sababu ni kosa letu. Ankara tuliyompelekea mteja wa kazi hii haikuwa na namba yake ya oda, ikarudishwa. Tumeirekebisha, imepokelewa, na wamethibitisha kwa maandishi kuwa wataitoa katika malipo ya tarehe 27. Naambatanisha uthibitisho huo, jina la mteja limefichwa.
>
> Ankara zetu nyingine kwenu haziguswi na jambo hili na zitalipwa kwa tarehe zake. Tuna oda ya kupokelewa tarehe 24. Naomba kujua kama itatoka kama kawaida.
>
> Nitapiga simu leo saa nne kusikia jibu lako.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na urefu mara tatu ya huu. Ilikuwa na mfanyakazi aliyeugua, na mashine iliyosumbua, na miaka tuliyofanya kazi pamoja. Yote kweli. Niliyaondoa nilipogundua kwamba kila sababu ya ziada inaifanya ya kwanza ionekane haitoshi. Aliyetoa sababu nne anaonekana kama anayejaribu funguo kwenye kitasa.

Kulikuwa pia na sentensi kuhusu pakiti chache za mzigo uliopita zilizokuja na unyevu. Nayo kweli. Lakini lalamiko likikaa ndani ya ombi la muda linageuka kisingizio, na mwenye mali anajifunza kwamba ubora wa karatasi zake unakumbukwa tu siku ambayo pesa haipo. Nililipeleka peke yake, baada ya deni kuisha.

Ile theluthi niliifikiria sana. Ningeweza kujikamua nikatoa nusu, na nusu inavutia zaidi kuiandika. Lakini nusu ingenifikisha siku ya mishahara nikiwa nimebana, na ningejikuta namwomba mtu mwingine muda ili nionekane mzuri kwa huyu. Theluthi ilikuwa ni pesa niliyokuwa nayo tayari, siku ile, imekaa.

## Saa nne

Alikuwa ameshaisoma. Akaniuliza lile swali.

Nikamjibu kama nilivyokuta kwenye kalenda: Ijumaa inatoka kwa mteja, Jumatatu au Jumanne inaingia kwangu, Jumatano au Alhamisi inafika kwenu, Ijumaa ni siku moja niliyoiacha kwa lolote. Akanyamaza kidogo. Nikasikia anaandika.

Kisha akasema jambo ambalo sikulijua. Tarehe 31 anafunga hesabu za mwezi, na siku hiyo hutoa orodha ya madeni yote kwa umri: yasiyofika tarehe yake, yaliyopita siku 1 hadi 30, yaliyopita 31 hadi 60, na kuendelea. Orodha hiyo inakwenda kwa mkubwa wake. Ankara yangu ingebaki na tarehe 18, ingetokea kwenye safu ya waliochelewa, siku 13, hata kama yeye na mimi tumekubaliana. Kwa hiyo angeigawa mara mbili kwenye mfumo: theluthi moja ibaki na tarehe yake, theluthi mbili ziandikwe tarehe 3. Hapo haitatokea kwenye ile safu, na mzigo wa tarehe 24 hautazuiwa.

Aliweza kufanya hivyo, akaniambia, kwa sababu nilimpa tarehe moja na kiasi kimoja. "Nikiambiwa 'wiki ya kwanza', mfumo hauna mahali pa kuandika wiki."

Nikamuuliza kuhusu adhabu ya kuchelewa. Mkataba wetu una kifungu cha riba inayoanza siku saba baada ya tarehe ya malipo, na nilikuwa nimekisoma usiku ule. Ningeweza kunyamaza nikitumaini hakumbuki. Akasema: ikiingia ifikapo tarehe 3, hakuna riba. Ikipita tarehe 3, itahesabiwa kuanzia tarehe 18, siyo kuanzia tarehe 3. Nikamwambia nimeelewa. Tulipomaliza nikamwandikia mistari mitatu kurudia tulichokubaliana, pamoja na hilo la riba, na akajibu kwa neno moja: "Sawa."

Mazungumzo yote hayakufika dakika tano.

## Siku za kungoja

Tarehe 18 theluthi ilikwenda. Kwenye maelezo ya malipo niliandika namba ya ankara na maneno "sehemu ya kwanza". Hili ni jambo dogo linaloharibu makubwa: pesa ikifika bila maelezo, kawaida mhasibu huiweka kwenye deni la zamani kuliko yote, na unaweza kukuta umelipa ulichoahidi na bado unadaiwa hichohicho.

Tarehe 24 mzigo ulikuja.

Tarehe 27 mteja alituma. Jumatatu tarehe 30 nilifungua akaunti asubuhi, mchana na jioni. Haikuwepo. Usiku ule ndio nilioujua uzito wa ile siku moja ya ziada. Nilishajiamulia kwamba Jumanne mchana isipoonekana, nitampigia mama siku hiyohiyo, nikiwa bado na siku tatu mkononi. Nisingengoja Ijumaa jioni nimpe habari ambayo mimi nilikuwa nayo tangu Jumanne.

Iliingia Jumanne saa tano na nusu.

Na hapo, sitaficha, kikaja kishawishi. Fundi wa mashine alikuwa akidai, na anadai kwa sauti. Pesa iko hapa, ahadi ni Ijumaa, leo Jumanne. Ningeweza kumlipa fundi leo kisha nikafidia kwa malipo madogo yanayotarajiwa Alhamisi. Yanayotarajiwa. Nikajiuliza swali la mama: hiyo Alhamisi umeitoa wapi? Sikuwa na jibu. Nikamtumia mwenye karatasi theluthi zake mbili saa sita kasoro, na ikasoma kwake Jumatano tarehe 1.

## Kwa nini yeye

Kuna jambo moja sikuliandika kwenye barua, wala hakuniuliza.

Wiki ile ya tarehe 18 kulikuwa na malipo matatu mbele yangu: mwenye karatasi, mwenye wino, na kodi ya jengo. Niliomba muda kwa mmoja tu. Sababu niliyojipa ni safi: karatasi zile ndizo zilizotumika kwenye kazi ambayo pesa yake ilichelewa, kwa hiyo deni na chanzo chake vinashikana, na maelezo yanaeleweka.

Lakini mwenye wino ni mkali. Ukichelewa siku moja anapiga simu mara nne, na mara ya nne hasalimii. Mama wa karatasi, katika miaka yote, hajawahi kunipandishia sauti. Nikiwa mkweli kabisa, Jumanne ile asubuhi, kabla sijafikiri chanzo wala kalenda, jina lake ndilo lililonijia kwanza. Sikupitia orodha. Nilikwenda moja kwa moja kwa mtu ambaye nilijua atanisikiliza.

Kama angekuwa mkali, ningemwomba mwenye wino? Huenda ningepata sababu safi ya kumwomba huyo. Sijui nifanyeje na jambo hili. Wapole wanachukua mzigo wa kila mtu, na wakali wanalipwa kwa wakati, na mimi nimeshiriki kuupanga ulimwengu hivyo kwa ankara moja.

Nilichofanya ni kidogo. Kwenye kiolezo cha ankara zetu, namba ya oda sasa ina kisanduku chake juu kabisa, na ankara haichapishiki kikiwa kitupu. Na ankara ya ule mzigo wa tarehe 24 inaiva Alhamisi tarehe 23 mwezi huu. Pesa yake nimeshaitenga, yote, na safari hii haimsubiri mtu.